Sentimita Tano za Maji Zinazozuia Harufu ya Choo

Chini ya sinki la choo cha kuchuchumaa kuna shingo iliyopinda ambayo mafundi huiita trapu. Kila ukimwaga maji, kiasi kidogo hubaki katika pindo hilo, na kina chake cha kuziba hakipaswi kupungua sentimita 5. Maji hayo ndiyo mlango pekee kati ya chumba na gesi za karo. Mskochi Alexander Cumming alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda mwaka 1775, na mpaka leo hatujapata kizibo rahisi kuliko hicho. Kazi yote ya kufunga sinki ni kuhakikisha maji hayo yanabaki mahali pake.

Tuchukue nyumba ya chini mjini Tanga, ambayo choo chake kiko mita 3 kutoka kwenye chemba. Kabla ya kuchimba, fundi atauliza kibla kiko wapi, kwa kuwa Waislamu hawapendi kukielekea wala kukipa mgongo wanapojisaidia. Kutoka Tanga, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo sinki litalazwa mashariki na magharibi. Jambo hili liamuliwe mapema, maana zege likishamwagwa sinki haligeuki.

Baada ya hapo ni hesabu ya mtelemko. Bomba la inchi 4 hushuka vizuri sentimita 1 kwa kila sentimita 40 za urefu, hivyo mita 3 zinahitaji sentimita 7.5. Tuseme mdomo wa trapu uko sentimita 35 chini ya sakafu iliyomalizika, na bomba linaweza kuingia kwenye chemba kwa kina cha sentimita 38 tu. Zimebaki sentimita 3 za kushuka. Bomba litalala mno, maji yatakwenda polepole na uchafu utakwama njiani. Dawa si kulazimisha bomba, ni kuinua sakafu ya choo sentimita 5. Sasa mtelemko ni sentimita 8, na bomba limepata haki yake. Ngazi ndogo tunazozipanda tukiingia vyooni mara nyingi zimetokana na hesabu kama hii.

Trapu hukaa kwanza juu ya zege imara, imepimwa kwa pima maji. Ikiinama upande mmoja, kina cha maji hupungua bila mtu kuona. Mguu wa sinki huingia ndani ya mdomo wa trapu, na nafasi ya kuzunguka huzibwa kwa mpira wake au kwa kamba na simenti, bila uji wa simenti kuangukia ndani. Pembeni mwa sinki nashauri mchanga au udongo-simenti dhaifu, kamwe si zege kali. Kauri haivutiki, na zege likisinyaa linapokauka hulibana sinki mpaka lipate ufa mwembamba kama unywele. Ukingo wa sinki uwe chini kidogo ya malumalu, ili maji ya sakafuni yaingie ndani.

Upande wa maji safi, bomba la nusu inchi huja na koki yake kabla ya tenki la kuflashi, ili boya likiharibika usifunge maji ya nyumba nzima. Mpira wa kujisafishia uwe na ndoano ukutani. Ukiachwa ukilala ndani ya sinki huku koki yake iko wazi, presha ya bomba ikishuka wakati wa mgao unaweza kunyonya maji machafu na kuyarudisha kwenye maji ya kunywa.

Adui mwingine wa trapu ni mnyonyo. Maji mengi yakishuka kwa kasi huacha upungufu wa hewa nyuma yao, na hewa ya chumbani, ikitafuta kujaza pengo, huyasukuma maji ya trapu nje. Utaujua kwa sauti ya kugugumia baada ya kuflashi, kisha harufu. Bomba la hewa lililounganishwa baada ya trapu na kupandishwa juu ya paa huruhusu hewa ya nje kujaza pengo hilo. Lakini harufu ikija katika choo kisichotumika kwa wiki kadhaa, huenda maji yamekauka tu, na ndoo moja inatosha.

Kabla ya kufukia, ziba mwisho wa bomba kwenye chemba, jaza maji mpaka yaonekane ndani ya sinki, weka alama ya penseli na usubiri nusu saa. Yakishuka, kuna kiungo kinachovuja. Mwenye nyumba, simama hapo mwenyewe uione alama hiyo, na usikubali sakafu ifunikwe mpaka maji yatulie.