Kioo, Tochi na Wapimaji Wawili

Kanuni ya kuakisiwa kwa mwanga ni fupi mno: pembe ambayo mwale unaingilia kwenye kioo ni sawa na pembe ambayo unarudi nayo. Ufupi huo unampa mwalimu kishawishi cha kuiandika ubaoni kwanza, kisha kugawa vioo ili wanafunzi "wathibitishe". Kuanzia hapo jibu linajulikana. Mwanafunzi akipata nyuzi 40 upande mmoja na 43 upande wa pili, anafuta 43 na kuandika 40. Daftari linapendeza, lakini hakuna kilichopimwa.

Andalio la somo ninaloeleza hapa linazuia jambo hilo kwa njia rahisi. Wanafunzi hufanya kazi wawili wawili, kila mmoja hupima pembe moja tu, na hakuna anayejua namba ya mwenzake mpaka wote wawili wameandika. Kanuni inasubiri mwisho wa kipindi. Nalipanga kwa vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, na kwa darasa la wanafunzi 48, yaani jozi 24.

Vifaa

Kazi ndefu katika jaribio hili ni kuchora na kupima, wala haihitaji tochi. Kwa hiyo jozi mbili zinaweza kutumia tochi moja na kioo kimoja kwa zamu: jozi moja inaangaza na kuweka alama, nyingine iko kwenye kipimapembe. Tochi 12 na vioo 12 vinatosha darasa zima.

Kioo kiwe bapa. Vipande vya sentimeta 10 kwa 5 hukatwa na fundi wa vioo kutoka kwenye kioo kikubwa kilichovunjika, kisha kingo zake zinasuguliwa kwa msasa na kuzungushiwa selotepu ili zisikate vidole. Kila kipande kibandikwe kwenye kibao kidogo chenye kona ya nyuzi 90 ili kisimame wima juu ya meza.

Tochi ichaguliwe kwa uangalifu zaidi. Zile zenye taa ndogo nyingi hutoa michirizi kadhaa kwa wakati mmoja, na mtoto hajui aweke alama kwenye upi. Yenye taa moja ndiyo inayofaa. Hata taa ya simu hufanya kazi. Mwanga wa tochi hutawanyika, kwa hiyo tunahitaji kuuchuja. Chukua kipande cha kadi ya manila, kata mwanya wa milimita 2 kuanzia ukingo wa chini kwenda juu, ukisimamishe juu ya karatasi mbele ya tochi iliyolazwa mezani. Mwanya ukianzia kwenye ukingo wenyewe, mwanga hupita ukigusa karatasi na kuacha mchirizi unaoonekana. Mwanya ukianzia juu zaidi, mwanga hupita hewani na karatasi inabaki tupu.

Madarasa yetu yana madirisha makubwa na jua kali, na mchirizi wa tochi hupotea mchana. Si lazima kuziba darasa zima. Kasha la katoni likilazwa ubavu, mdomo ukiwaelekea wanafunzi, linatoa kivuli cha kutosha karatasi moja.

Hatua za upimaji

Dakika 10 za utangulizi zitumike kwa kukisia tu. Mwalimu anaonyesha kioo kikiwa kimesimama, anaelekeza tochi kutoka upande, na kuuliza mwanga utaangukia wapi ukutani. Wanafunzi waelekeze kwa kidole kabla tochi haijawashwa.

Kisha kila jozi ichore mstari mmoja mnyoofu kwenye karatasi, huo ndio mstari wa kioo. Katikati yake wachore mstari mwingine unaousimamia kwa nyuzi 90. Huu niuite mstari wa katikati. Pembe zote mbili zitapimwa kutoka kwake. Mgongo wa kioo, wenye rangi, uwekwe sawasawa juu ya mstari wa kioo.

Mwanafunzi mmoja anakaa kushoto kwa mstari wa katikati, mwenzake kulia. Anayeshika tochi anajichagulia pembe: mara ya kwanza karibu na mstari wa katikati, mara ya pili mbali kidogo, mara ya tatu mbali zaidi. Mwalimu asiwatajie nyuzi. Awape mipaka tu: wasikaribie mstari wa katikati mpaka michirizi miwili ikagusana, wala wasiinamie kioo mpaka mchirizi ukatandaa juu yake.

Kila mmoja anaweka nukta mbili katikati ya mchirizi wa upande wake. Umbali kati ya nukta hizo una uzito mkubwa kuliko ubora wa kipimapembe. Nukta zikiwa sentimeta 6 mbali, kukosea milimita moja kunapotosha pembe kwa takriban nyuzi 1. Zikiwa sentimeta 2 tu, kosa lilelile linakuwa karibu nyuzi 3.

Sasa kioo kinaondolewa na kupewa jozi nyingine pamoja na tochi. Kila mwanafunzi anaunganisha nukta zake, anaurefusha mstari mpaka kwenye mstari wa kioo, anapima pembe yake na kuiandika kwenye kikaratasi bila kuonyesha. Wakimaliza pembe tatu, wanafunua pamoja. Kisha inakuja hatua ambayo maandalio mengi huiacha: tochi inahamia upande wa kulia na kazi yote inarudiwa. Aliyekuwa akipima mwale unaoingia sasa anapima unaorudi.

Namba zisipolingana

Tofauti ya nyuzi 1 au 2, wakati mwingine kushoto ikiwa kubwa na wakati mwingine kulia, ni ya kawaida. Mchirizi wenyewe una unene, na jicho hukisia katikati yake. Tofauti inayofaa kuchunguzwa ni ile yenye mwelekeo mmoja.

Tuchukue jozi ya mfano. Tochi ikiwa kushoto, mpimaji wa kushoto anapata nyuzi 24, 41 na 57. Mwenzake wa kulia, anayepima mwale unaorudi, anapata 28, 44 na 61. Kwa duru hii pekee mtu angeweza kusema mwanga hurudi kwa pembe kubwa kuliko ulivyoingia. Tochi inahamia kulia. Sasa mwale unaoingia una nyuzi 26, 40 na 55, na unaorudi, upande wa kushoto, una 22, 36 na 52. Safari hii unaorudi ni mdogo.

Dai la kwanza limeanguka. Kilichobaki bila kubadilika ni kwamba upande wa kulia una namba kubwa daima, kwa karibu nyuzi 4, haidhuru mwanga umetokea wapi. Basi kosa liko kwenye kioo: hakikulala sawasawa kwenye mstari wake. Kimegeuka kwa nyuzi 2, na kioo kikigeuka nyuzi 2 mwale unaorudi hugeuka 4. Kukirudisha kwenye mstari ni kazi ya dakika moja.

Jozi nyingine inaweza kuona kitu tofauti: mwale unaorudi una pembe kubwa kwa nyuzi 2 katika duru zote mbili, tochi iwe kushoto au kulia. Hapo kioo hakikugeuka. Mara nyingi wameweka uso wa mbele wa kioo kwenye mstari badala ya mgongo, kisha wakalazimisha mstari wa mwale unaorudi ufike pale mwale wa kwanza ulipoangukia. Mwanga unapita kwanza ndani ya kioo, unaakisiwa na rangi iliyoko mgongoni, na kutokea mbele kidogo ya pale ulipoingilia. Kwa kioo cha unene wa milimita 4 na pembe ya nyuzi 40, nafasi hiyo ni karibu milimita 4. Kuulazimisha mstari urudi nyuma kiasi hicho, ukiwa na nukta iliyo sentimeta 8 kutoka kioo, kunaongeza takriban nyuzi 2. Hata mgongo ukiwekwa vizuri, kulazimisha kunaleta kosa, safari hii la kupunguza. Dawa ni moja: mstari upite kwenye nukta mbili tu, ukate mstari wa kioo popote utakapokata, na pembe ipimwe dhidi ya mstari mpya wa nyuzi 90 utakaochorwa hapo.

Makosa mengine mawili hujitaja yenyewe kwa hesabu. Namba mbili zikijumlishwa zikafika karibu 90, kama 40 na 50, mmoja amepima kutoka kwenye kioo badala ya mstari wa katikati. Zikifika karibu 180, mmoja amesoma mstari usio wake wa namba kwenye kipimapembe. Lakini wote wawili wakipima kutoka kwenye kioo, namba zao zitapatana na kosa litajificha. Kwa hiyo mwalimu apite mezani aangalie vipimapembe vilivyowekwa, asitosheke na namba.

Kuna hali moja isiyoonekana kwenye namba kabisa: mwale unaorudi unafifia au kutoweka kwenye karatasi. Kioo kimelala kwa nyuma na kinaurusha mwanga juu. Tukio hili lisipotezwe, maana linafungua sehemu ya pili ya kanuni, kwamba mwale unaoingia, unaorudi na mstari wa katikati hukaa kwenye bapa moja. Ibn al-Haytham, mwanachuoni mzaliwa wa Basra, aliieleza sehemu hiyo katika Kitab al-Manazir mwanzoni mwa karne ya 11, naye hakutegemea hoja tupu. Alibuni kifaa cha kuipima.

Kanuni na tathmini

Zimebaki dakika 25. Kila jozi isome ubaoni tofauti zake tu, si pembe zenyewe. Safu ya tofauti ndogo zinazocheza juu na chini ya sifuri inaonekana wazi, na zilizo mbali nayo tayari zina maelezo. Sasa darasa liulizwe namba hizi zinasema nini, na kanuni iandikwe kwa maneno yao.

Dakika 10 za mwisho ni za tathmini. Kuuliza "taja kanuni" hakutamtenganisha aliyepima na aliyekariri. Mpe kila mwanafunzi jedwali la jozi ambayo namba zake za kushoto zinazidi za kulia kwa nyuzi 6 katika duru zote mbili, umtake aseme kioo kilikaaje. Anayejibu kwamba kimegeukia kushoto kwa nyuzi 3 ameelewa kanuni vya kutosha kuitumia kumkamata kioo aliyepotoka. Anayeandika kwamba mwanga hauna kanuni, au anayebadilisha namba kimyakimya ili zifanane, anahitaji dakika tano zaidi na tochi, na andalio la kipindi kijacho lianze naye.