'Nunua tatu, lipia mbili': Ni punguzo la asilimia ngapi?

Mzazi mmoja alirudi nyumbani na pakiti tatu za pampasi, akamwambia mwenzake amepata nusu bei. Alikuwa amegawanya pakiti moja ya bure kwa mbili alizolipia. Kosa hili hufanywa na wengi.

Hesabu sahihi ni kugawanya idadi ya vitu vya bure kwa idadi ya vyote ulivyobeba, kisha kuzidisha kwa 100. Hapa ni 1 kwa 3, yaani asilimia 33 na kitu. Kama pakiti moja ni Sh15,000, pakiti tatu zingekuwa Sh45,000. Umelipa Sh30,000, hivyo kila moja imekugharimu Sh10,000.

Tangazo la "nunua mbili, ya tatu bure" lina hesabu hiyohiyo. Lakini "nunua moja, ya pili nusu bei" ni asilimia 25 tu, kwa sababu unaokoa nusu ya kitu kimoja kati ya viwili.

Punguzo hilo la theluthi hulipata tu ukichukua tatu, sita au tisa. Ukichukua nne, unalipia tatu na punguzo linashuka hadi asilimia 25. Ukichukua mbili, hupati chochote. Ndiyo maana kwa anayehitaji pakiti moja au mbili, duka linalopunguza asilimia 30 kwa kila pakiti linamfaa zaidi.

Angalia pia bei za bidhaa unazochanganya. Kwa kawaida inayotolewa bure ni ile ya bei ndogo kuliko zote. Ukichukua sabuni ya unga ya Sh9,000, mafuta ya kupaka ya Sh8,000 na dawa ya meno ya Sh4,000, utaokoa Sh4,000 kati ya Sh21,000, ambayo ni kama asilimia 19.

Turudi kwenye pampasi. Tuseme duka la mtaani kwako huziuza Sh12,000 siku zote. Basi ofa imekuokolea Sh2,000 kwa pakiti, karibu asilimia 17, si 33. Bei ya kulinganishia ni ile ambayo ungelipa kwingine, si ile iliyoandikwa juu ya ofa.

Na mtoto anakua. Akihamia saizi kubwa kabla ya pakiti ya tatu kufunguliwa, utakuwa umetoa Sh30,000 kwa pakiti mbili ulizotumia, wakati mtaani ungelipa Sh24,000. Ofa imekula Sh6,000 zako.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kulipa, toa simu na ufanye hesabu moja: gawanya pesa utakayolipa kwa idadi ya vitu ambavyo nyumbani vitatumika kweli. Jibu likiwa dogo kuliko bei ya mtaani, beba. Likiwa kubwa, rudisha rafuni.