Samaki 5,000 wamekufa: bima italipa kiasi gani?

Tuseme mfugaji wa Kibaha ana matangi manne ya zege, na katika kila tangi kuna sato 8,000 wenye uzito wa gramu 250 hivi. Usiku, mota ya pampu ya hewa ya tangi la kwanza inaungua. Kunapokucha, samaki 5,000 wa tangi hilo wanaelea. Mfugaji ana bima ya samaki inayotaja magonjwa, upungufu wa oksijeni, wizi na kuharibika kwa pampu. Kwa hasara hiyohiyo anaweza kulipwa shilingi milioni 6, au milioni 5.1, au asilipwe hata senti moja. Inategemea mkataba wake umeandikwaje.

Tuanze na bei. Wafugaji wengi hudhani watalipwa bei ya sokoni, lakini samaki wa gramu 250 bado hajafika sokoni. Mikataba mingi huwa na jedwali la thamani linalofuata gharama ambazo mfugaji ameshaingia: bei ya kifaranga, chakula alichokula na matunzo mengine mpaka siku hiyo. Kwa mfano wetu, tuseme jedwali linampa samaki wa ukubwa huo shilingi 1,500. Tangi zima basi lina thamani ya milioni 12, shamba zima milioni 48, na samaki waliokufa ni milioni 7.5.

Baada ya hapo inakuja ekses, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye bima anaibeba mwenyewe. Kwa samaki huwa kubwa kuliko ya gari, kwa sababu vifo vya hapa na pale ni kawaida ya ufugaji. Tuseme mkataba unasema asilimia 20. Asilimia 20 ya nini? Ikiwa ni ya hasara, mfugaji anabeba milioni 1.5 na kulipwa milioni 6. Ikiwa ni ya thamani ya tangi, anabeba milioni 2.4 na kupata milioni 5.1. Ikiwa ni ya thamani ya samaki wote shambani, ekses ni milioni 9.6, kubwa kuliko hasara yenyewe, na hapo hana dai. Mkataba wa namna hii ya tatu huja na ada nafuu, na unamfaa anayeogopa kupoteza shamba zima kwa mpigo. Mwenye hofu ya pampu moja moja hautamsaidia.

Hata ekses ikiwa nzuri, bado kuna masharti ya pampu. Bima ya namna hii hulipa samaki waliokufa kwa sababu pampu imeharibika. Mota iliyoungua ni juu ya mfugaji, isipokuwa ameikatia bima ya mitambo. Tena kampuni hudai kuwe na pampu ya akiba, jenereta, na kengele inayolia pampu ikizimika. Wafugaji huona masharti haya ni usumbufu, lakini hesabu ya oksijeni inaonyesha kwa nini yamewekwa. Tangi letu lina samaki wa kilo 2,000 katika maji ya lita 100,000. Maji yenye oksijeni ya miligramu 5 kwa lita yanabeba gramu 500 tu za oksijeni. Sato hutumia kama robo gramu kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa hiyo kilo 2,000 humaliza gramu 500 kwa takriban saa moja, na taabu huanza mapema zaidi, oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3. Mlinzi anayelala kibandani bila kengele ataamka mambo yameshaisha. Ndiyo maana mkadiria hasara akifika huuliza daftari la majaribio ya jenereta na kengele kabla hajauliza idadi ya samaki. Jenereta iliyopo stoo lakini haina mafuta huhesabiwa kama haipo.

Oksijeni hupungua hata pasipo pampu. Katika mabwawa, mwani hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku, hivyo saa ya hatari ni alfajiri, hasa baada ya siku ya mawingu. Ziwani, upepo unaweza kupandisha juu maji ya chini yasiyo na hewa. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa vizimba vya Ziwa Viktoria upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi mno, na upungufu wa oksijeni ukatajwa kuwa chanzo.

Kwa nini chanzo kina uzito hivyo, ilhali samaki amekufa tu? Kwa sababu kila janga lina masharti na ekses yake. Ugonjwa, kwa mfano, kwa kawaida haulipwi katika wiki za kwanza za mkataba, ili mtu asikate bima samaki wakiwa tayari wagonjwa. Macho yaliyozoea husoma tofauti mapema. Waliokosa hewa hufa kwa pamoja, wakubwa wakitangulia, midomo wazi na mashavu yametanuka. Kabla ya hapo walikuwa juu wakihema. Ugonjwa hupanda ngazi: leo kumi, kesho thelathini, keshokutwa mia, na wengine huonekana wakizunguka ovyo au macho yametokeza, dalili zinazojulikana za bakteria wa streptokoka. Uthibitisho lakini hutoka maabara, na hapo madai mengi huharibika. Samaki aliyeoza hasomeki. Sampuli nzuri ni samaki anayekaribia kufa au aliyekufa sasa hivi, akiwekwa kwenye barafu bila kugandishwa na kupelekwa siku hiyohiyo. Kampuni nayo ipigiwe simu siku hiyo, na mizoga ihesabiwe na kupigwa picha kabla ya kufukiwa.

Wizi ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu samaki walioibwa hawaachi mizoga. Mikataba hulipa wizi wenye alama: wavu uliokatwa, kufuli lililovunjwa, namba ya RB kutoka polisi. Ule upungufu unaogunduliwa siku ya kuvua, pale mfugaji alipotegemea samaki 8,000 akapata 6,000, haulipwi. Huenda ni wizi wa kidogo kidogo, huenda ni ndege, huenda vifaranga walikuwa pungufu tangu siku ya kuletwa.

Hapa ndipo daftari la chakula linaposema kuliko shahidi. Sato wa gramu 250 hula kama asilimia 2 ya uzito wao kwa siku, kwa hiyo tangi lenye kilo 2,000 linahitaji kilo 40 hivi. Ikiwa daftari linaonyesha kilo 30 kwa wiki tatu mfululizo na samaki walikuwa wakishiba, mkadiria hasara atahitimisha kwamba tangi lilikuwa na samaki 6,000 hata kabla ya wezi kuja, na hiyo ndiyo idadi atakayoanzia. Hesabu hiyo huigusa mikasa yote, pamoja na ule wa mota. Mfugaji anayepima samaki mia moja kila wiki mbili, akaandika wastani wa uzito, vifo vya kila siku na kilo za chakula, kisha akaipelekea kampuni nakala kila mwezi, anakuwa ameshakubaliana nayo juu ya idadi na ukubwa kabla ya hasara. Likitokea la kutokea, kitakachobaki kubishaniwa ni chanzo cha vifo tu.