Faili la APK linalopitia WhatsApp

Faili la APK likitumwa kwa WhatsApp, Android humtaka mpokeaji airuhusu kwanza WhatsApp kusakinisha programu. Ruhusa hiyo hubaki wazi mpaka izimwe kwenye mipangilio, jambo ambalo wengi hulisahau. Kila APK hubeba saini ya kidijitali ya mtengenezaji. Tapeli akilifungua faili, akapachika msimbo wa kuiba nywila na kulisaini upya, simu yenye programu halisi italikataa kwa kuwa saini hazilingani. Simu isiyo nayo haina cha kulinganisha, hivyo huweza kulipokea. Masasisho nayo kwa kawaida hayaji yenyewe: kasoro ikizibwa katika toleo la 1.3, aliyepata 1.2 kwenye kundi hubaki na tundu lilelile mpaka atumiwe faili jipya.