Maji ya Bomba la Mwisho

Barua pepe yenyewe kichwa chake ni cha kumshtua meneja: je, una hakika na maji unayowapa watu wako? Ukiifungua unakuta picha ya matangi meusi juu ya mnara wa chuma, mashine ya RO ya kuondoa chumvi, taa ya UV ya kuua vijidudu, na ahadi kwamba asilimia 99.9 ya vijidudu hivyo vitakwisha. Chini kabisa kuna bei ya ofa na usafiri wa bure hadi mlangoni. Meneja wa hospitali anaipata, na meneja wa hoteli anaipata hiyohiyo neno kwa neno, kana kwamba jengo lenye wodi ya wazazi na jengo lenye baa kando ya bwawa yana shida moja.

Sina ugomvi na muuzaji. Matangi yake ni mazuri, na mashine yake ikitunzwa inafanya kazi aliyoisema. Ila barua yake inaeleza hali ya maji yanapotoka kwenye mashine, na hapo hapana mtu anayekunywa. Kutoka hapo maji yanaingia kwenye tangi, yanakaa, yanashuka kwenye mabomba yaliyofukiwa miaka mingi iliyopita, yanapanda ghorofani, mpaka yanafika kwenye sinki ambalo muuguzi ananawia mikono. Usalama wa maji unapotea katika safari hiyo, na ni safari ambayo barua haiigusi.

Tuanze na matangi, kwa kuwa ndiyo yanayokula fedha nyingi. Chukua hospitali ya vitanda 100. Shirika la Afya Duniani linakadiria lita 40 hadi 60 kwa siku kwa mgonjwa aliyelazwa, lita 5 kwa mgonjwa wa nje, na lita 100 kwa kila upasuaji au uzazi. Tukiweka vitanda vyote kwa kiwango cha juu tunapata lita 6,000. Wagonjwa wa nje 200 ni lita 1,000 nyingine, na upasuaji na uzazi 10 kwa siku ni lita 1,000 tena. Jumla ni lita 8,000. Sasa barua inapendekeza matangi 6 ya lita 10,000 kila moja, yaani lita 60,000. Gawanya kwa 8,000: maji yanayoingia leo yatatumika baada ya siku saba na nusu.

Kwa mtu aliyezoea mgao wa maji, hiyo inasikika kama neema. Lakini klorini iliyomo ndani ya maji hupungua kadiri yanavyokaa, na hupungua upesi zaidi maji yakiwa ya moto. Tangi jeusi juu ya paa la Dar es Salaam au Mombasa linashinda juani kutwa. Maji yaliyolala humo wiki nzima yanaweza kufika bombani hayana klorini hata kidogo, na hapo ndipo ule utelezi unaoshikika kwa kidole kwenye ukuta wa ndani wa tangi unapoanza kujijenga. Utelezi huo ni makazi ya vijidudu, na ukishakomaa klorini ya kawaida haupenyi kwa urahisi.

Ikiwa mgao wa eneo lenu huchukua siku tatu, hospitali hii inahitaji lita 24,000 na akiba kidogo. Matangi matatu yanatosha. Kama matangi sita yameshanunuliwa, basi fundi aweke koki za kuyatenga, matatu yatumike wiki hii na mengine yapumzike yakiwa makavu. Aangalie pia jinsi yalivyounganishwa. Mara nyingi matangi hupangwa mstari mmoja, maji yanaingilia upande mmoja na kutokea upande uleule, hivyo tangi la kwanza linajaa na kuisha kila siku ilhali la mwisho limelala. Kulijua ni rahisi: pima klorini kwenye kila tangi. Lile lenye sifuri ndilo lililolala.

Sasa mashine. Kwanza hiyo asilimia 99.9. Ikiwa maji yana vijidudu milioni moja, ukiondoa 99.9 kwa mia unabaki na elfu moja. Vijidudu elfu moja ndani ya tangi lenye joto, lisilo na dawa, hawakai kimya.

RO husukuma maji kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, chumvi ikabaki upande mmoja. Kwa hoteli ya pwani yenye kisima cha maji ya chumvi haikwepeki. Lakini utando huo huharibiwa na klorini, kwa hiyo klorini huondolewa kabla maji hayajaufikia. Yakitoka upande wa pili ni matamu na hayana ulinzi wowote. Taa ya UV nayo inaua kijidudu kinapopita mbele yake, ikamaliza kazi hapohapo. Haiachi kitu ndani ya maji cha kuyalinda mbele ya safari.

Taa hiyo ina hila nyingine ambayo wauzaji wachache huisema. Inawekwa kwa saa zisizozidi kama 9,000, yaani takriban mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo. Baada ya hapo inaendelea kutoa mwanga wa buluu kama kawaida, lakini nguvu ya kuua imeshuka. Fundi akichungulia anaona inawaka, anaondoka ameridhika. Umeme nao ukikatika, maji yanayoshuka kwa uzito wake kutoka tangi la juu hupita mbele ya taa iliyozimika, isipokuwa kuna koki ya umeme inayofunga yenyewe. Jenereta likichukua dakika mbili kuwaka, ni dakika mbili za maji yasiyotibiwa. Ndiyo sababu baada ya RO na UV, maji yanayokwenda kuhifadhiwa lazima yatiwe klorini tena.

Hesabu yake haitishi. Gramu moja ya klorini ndani ya lita 1,000 hutoa miligramu 1 kwa lita. Ukitaka miligramu 2 kwa lita katika tangi la lita 10,000 unahitaji gramu 20 za klorini halisi. Poda inayouzwa madukani si klorini tupu. Ile kali huwa na asilimia 65 hadi 70. Gramu 20 ukizigawa kwa 0.7 unapata gramu 29 hivi za poda. Usiimwage moja kwa moja tangini. Ikoroge kwanza kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, iache chokaa itulie, kisha mimina yale maji ya juu wakati tangi linajaa ili yachanganyike. Poda iliyokaa wazi stoo kwa miezi hupoteza nguvu, kwa hiyo hesabu hii ni mahali pa kuanzia tu. Jibu la kweli linatoka kwenye kipimo.

Kipimo ni kichupa cha kioo na kidonge cha DPD namba 1. Unafungua bomba la mbali kuliko yote, labda sinki la wodi ya mwisho ghorofani, unajaza kichupa mililita 10, unaponda kidonge humo na kutikisa. Maji yakigeuka waridi, klorini ipo, na unalinganisha rangi na kadi. Unachotafuta ni angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya klorini kukaa na maji nusu saa, na isipungue 0.2 kwenye bomba la mwisho. Tahadhari moja: klorini ikizidi sana huifuta rangi yenyewe, maji yakabaki meupe, ukadhani hamna kitu. Ukishuku hivyo, changanya maji hayo na maji safi yasiyo na klorini upime tena. Na maji yenye tope yatibiwe tope kwanza, kwa kuwa tope hula klorini na kuwaficha vijidudu.

Mpaka hapa hospitali na hoteli zimekwenda pamoja. Zinapoachana ni kwenye chumba cha kusafishia damu za wagonjwa wa figo. Mgonjwa mmoja, katika kipindi kimoja cha saa nne, hukutanisha damu yake na takriban lita 120 za maji, kilichotenganisha ni utando mwembamba tu. Klorini inayomlinda mgonjwa wa wodini, ikipita kwenye utando huo, hupasua chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo chumba hicho kinahitaji mtambo wake wenyewe: mkaa maalumu wa kunasa klorini, kisha RO yake, na klorini ipimwe baada ya mkaa kabla ya kila zamu kuanza. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazili, kituo kimoja cha kusafisha damu kilitumia maji yaliyoletwa na maboza kutoka bwawa lenye mwani wa sumu, na hayakuwa yametibiwa inavyopaswa. Zaidi ya wagonjwa 50 walifariki. Meneja anayenunua maji ya boza kwa ajili ya chumba hicho akumbuke kisa hicho.

Hoteli ina lake, nalo ni vyumba visivyo na mtu. Mwaka 1976 wajumbe wa mkutano wa wanajeshi wastaafu katika hoteli moja ya Philadelphia, Marekani, waliugua homa ya mapafu isiyojulikana, na waliokufa hawakupungua 29. Bakteria aliyegunduliwa baadaye akapewa jina la Legionela. Hamdhuru mtu kwa kunyweka. Anaingia mapafuni na ukungu wa maji, na bomba la mvua la bafuni ni mahali pake hasa. Hustawi kati ya nyuzi 20 na 45, naye hufa maji yakipita 60. Kwa pwani yetu hata maji ya baridi yamo ndani ya joto hilo. Ongeza msimu wa masika, wageni wamekwisha, nusu ya vyumba imefungwa, mtambo wa jua unatoa maji ya uvuguvugu kwa kukosa jua. Dawa yake ni kuweka maji ya moto nyuzi 60 kwenye tangi lake, kwa hita ya umeme jua likikosekana, na mhudumu kufungua kila bomba na kila bomba la mvua katika vyumba vitupu mara moja kwa wiki, dakika kadhaa, akiwa ameondoka bafuni.

Kabla hujajibu ile barua pepe, pima klorini ya bomba la mwisho asubuhi na jioni kwa siku saba, uandike na siku ambazo maji hayakutoka. Kisha muulize muuzaji mambo matatu: maji yatakaa siku ngapi kwenye matangi anayopendekeza, klorini itarudishwa wapi baada ya mashine yake, na nani atabadilisha taa na utando, lini, kwa bei gani. Akikujibu kwa tarakimu, endelea naye. Akikujibu kwa kukuongezea punguzo, tafuta mwingine.