Keki ya Jumamosi haiagizwi Ijumaa

Ukienda kuagiza keki ya siku ya kuzaliwa, swali la kwanza utakaloulizwa ni "ya kilo ngapi?" Nawe muulize mwokaji: kilo ya nini? Krimu, jemu na hasa fondanti, ule unga wa sukari unaokandwa na kufunika keki kama shuka, vyote vina uzito. Keki ya kilo mbili iliyovikwa fondanti huwa na keki yenyewe kidogo kuliko ya kilo mbili yenye krimu. Mimi huuliza upana wa chombo. Duara la inchi 8 lenye tabaka mbili hutoa vipande kama 20. La inchi 10 ni kubwa kwa zaidi ya nusu, ingawa kwa macho tofauti haionekani sana, na hutoa kama 30.

Tuseme mtoto anatimiza miaka mitano Kisarawe, wageni ni 28, shughuli ni Jumamosi saa 10 jioni, na mwokaji mnayemwamini yuko Maili Moja, Kibaha. Ukubwa umeshajulikana: inchi 10. Kazi ipo njiani. Kibaha na Kisarawe zote ni Pwani, lakini keki hiyo itashuka Barabara ya Morogoro hadi Dar es Salaam, ikutane na foleni na joto, ndipo ipande Pugu.

Krimu ya maziwa haifiki salama bila ubaridi. Siagi nayo hulainika gari likipata joto. Krimu ya mafuta ya mimea huvumilia zaidi, japo ladha yake mimi siisifii. Fondanti haiyeyuki upesi, ila ikitolewa kwenye friji na kukutana na unyevu wa Pwani hutoa jasho, na rangi nyekundu huanza kuchuruzika. Katikati omba jemu. Matunda mabichi hutoa maji yanayolegeza tabaka, na kastadi haifai kukaa nje zaidi ya saa mbili.

Agiza mapema, siku nne hivi kabla. Wiki nzima kama unataka vikaragosi vya sukari, maana lazima vikauke. Keki hiyo ingeokwa Alhamisi, ikapoa na kutulia usiku, ikapakwa Ijumaa. Ukiagiza Ijumaa jioni, mwokaji atapaka krimu keki ikiwa bado na uvuguvugu. Utaijua unapoipokea: ubavuni kuna mstari uliofura kama mkanda, au tabaka la juu limeegemea upande.

Jina la mtoto liandike kwenye karatasi, usilitamke tu. "Rehema" na "Lehema" zinasikika karibu sana dukani penye kelele.

Na keki usiipakate. Mapaja yana mteremko. Boksi likae sakafuni mwa gari, mahali palipo bapa, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Shangazi anayeng'ang'ania kuishika mpe kazi ya mishumaa.