Ugali Kabla au Baada ya Mazoezi?

Mwaka 2004, Vincent Onywera na watafiti wenzake walichapisha matokeo ya siku saba walizokaa na wakimbiaji kumi mahiri wa Kenya, wiki moja kabla ya mashindano makubwa. Chakula kilipimwa kwenye mizani kabla ya kuliwa. Kwa wastani kila mkimbiaji alikula kalori 2,987 kwa siku, ilhali mwili wake ulikadiriwa kutumia 3,605. Wakimbiaji walikuwa wakila pungufu ya mahitaji yao kwa zaidi ya kalori 600, na mazoezi hayakusimama.

Sahani zao zilijaa ugali, wali, mkate na viazi, na chai ya maziwa ilitiwa sukari bila woga. Wanga ulitoa asilimia 76.5 ya kalori zote. Tena hawakuchelewa kula: chakula kilifuata mazoezi ndani ya saa moja hivi. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hauthibitishi kwamba ratiba ya kula ndiyo iliyowabeba. Lakini unazua swali linalomhusu yeyote anayepunguza uzito huku akifanya mazoezi: kama chakula hakitoshi, je, kuna faida kukisogeza karibu na mazoezi?

Mwili huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni, takriban gramu 400 hadi 500 kwenye misuli na kama 100 kwenye ini. Mtu anayekula vya kutosha hujaza akiba hiyo ndani ya saa 24 au zaidi kidogo, awe amekula mara baada ya mazoezi au baadaye. Haraka ina maana zaidi pale mazoezi ya pili yanapofuata baada ya saa chache. Anayekula pungufu yuko katika hali nyingine. Akiba yake mara nyingi haijai, hivyo saa ya kula inaamua ni mazoezi yapi yatakayopata mafuta ya kutosha.

Tuchukue mkimbiaji wa kilo 65 anayetumia kalori 2,700 na kuamua kula 2,300. Akitenga gramu 115 za protini na 55 za mafuta, anabakiwa na gramu 335 hivi za wanga. Jumanne saa kumi na moja jioni ana mazoezi ya kasi: mizunguko sita ya mita 1,000. Kwa mazoea, asubuhi hunywa chai ya rangi, mchana hugusa chakula kidogo, kisha saa tatu usiku hushambulia mlima wa ugali. Wanga anaula, ila unafika mizunguko ikiwa imekwisha.

Apange upya. Saa nane mchana ale ugali wa gramu 130 za unga, wenye wanga wa gramu 100 hivi, na saa kumi ndizi mbili. Akimaliza kukimbia, viazi vitamu au mkate na chai vimpe gramu 80. Zaidi ya theluthi mbili ya wanga wa siku imezunguka mazoezi, na kalori ni zilezile 2,300. Kwa sababu hiyo hatapungua uzito haraka zaidi. Anachopata ni mizunguko ya mwisho isiyoporomoka.

Mazoezi mepesi hayahitaji ukarimu huo. Mwaka 2016 watafiti wa Ufaransa waliwapa wanariadha wa triathlon wanga wa kiasi kilekile kwa siku, lakini kundi moja lilinyimwa baada ya mazoezi makali ya jioni hadi lilipomaliza mazoezi mepesi ya asubuhi. Baada ya wiki tatu kundi hilo ndilo lililoboresha muda wake wa kilomita 10, na lilipunguza mafuta mwilini.

Kwa wanyanyua vyuma, habari si tamu sana. Mapitio ya mwaka 2022 yaliyoongozwa na Menno Henselmans yaligundua kwamba kwa mtu aliyekwisha kula, kuongeza wanga hakusaidii sana iwapo kila kundi la misuli linafanya seti zisizozidi kumi. Jaribio jingine la Uingereza linachekesha: waliopewa kifungua kinywa kizito kisicho na kalori karibu yoyote walinyanyua vizuri kama waliokula wanga halisi, na kuwazidi walioambulia maji. Njaa yenyewe, au kuamini kwamba umekula, ilitosha kubadili matokeo.

Saa ya mkononi ndiyo itakayomwonyesha mkimbiaji wa Jumanne tatizo liko wapi. Mizunguko mitatu ya kwanza ikiwa mizuri kisha mitatu ya mwisho ikachelewa, ratiba ya chakula inafaa kuguswa kwanza. Kama hata wa kwanza ni mzito, wiki baada ya wiki, usingizi umekatika, au mwanamke amekosa hedhi, basi kalori 2,300 ni chache mno, na ndizi mbili za saa kumi hazitaziba pengo hilo.